Vikapu Viwili Kwenda Hamburg: Namna ya Kuandika Tangazo Linalotaja Nauli, Siku na Ushuru

Tangazo langu la kwanza la kuuza nje lilikuwa na picha nzuri sana. Kikapu cha ukindu kimewekwa juu ya baraza ya nyumba ya zamani huku Bagamoyo, mlango wa nakshi nyuma yake, jua la asubuhi likiangukia kwenye mistari ya rangi ya zambarau. Chini ya picha niliandika: "Tunatuma duniani kote. Bei ya usafiri njoo inboksi."

Mama mmoja wa Hamburg, Ujerumani, akaja inboksi. Akanunua viwili, akalipa, nikatuma. Mzigo ulipofika kwao akaambiwa alipe kodi pamoja na ada ya kuushughulikia kabla hajakabidhiwa. Hakuna mtu aliyemwambia habari hiyo, na mimi ndiye niliyepaswa kumwambia. Alidhani ni utapeli, akakataa kuupokea. Baada ya miezi karibu mitatu boksi lilirudi Bagamoyo, selotepu juu ya selotepu, na kikapu kimoja kimeota ukungu. Nilimrudishia fedha zake zote. Shangazi yangu wa Kaole, aliyevisuka vyote viwili, nilimlipa vilevile, maana kazi yake aliifanya.

Tangu hapo kila tangazo langu linajibu maswali matatu kabla hayajaulizwa: nitalipa jumla gani hadi mzigo unifikie, utafika lini, na kuna mtu mwingine atakayenidai? Nitaeleza hatua ninazopitia, nikitumia vikapu vilevile viwili na safari ileile ya Hamburg. Nauli na viwango vya kubadilishia fedha nitakavyotaja ni vya mfano wa hesabu tu, kwa hiyo vyako uvipate dirishani, posta na benki, siku unayoandika tangazo.

Hatua ya kwanza: pima boksi

Watu wengi wanapima kikapu. Wanakiweka kwenye mizani, wanaona gramu 650, wanaandika nauli ya gramu 650. Mimi nilifanya hivyo hadi siku dada mmoja wa dirishani aliponiambia, "Dada, umepima kikapu, hukupima boksi. Ndege inabeba boksi."

Maneno yake yana hesabu ndani yake. Kampuni za usafirishaji wa haraka hazitozi kilo peke yake. Zinatazama pia nafasi ambayo mzigo unachukua kwenye ndege. Chukua urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawanya kwa 5,000. Jibu ni uzito wa ujazo, kwa kilo. Linganisha na uzito wa mizani, na ule ulio mkubwa ndio utakaolipia, tena mara nyingi ukipandishwa hadi nusu kilo inayofuata.

Sasa tazama vikapu vyangu. Kila kimoja kina upana wa mdomo sentimita 34, sentimita 16 kutoka mbele hadi nyuma na kimo cha sentimita 26. Nikivijaza karatasi visimame kama dukani, viwili vikikaa bega kwa bega vinataka boksi la 36 kwa 36 kwa 30. Ukizidisha unapata 38,880, ukigawanya kwa 5,000 unapata 7.8, na ikipandishwa ni kilo 8. Mizani inasema kilo moja na nusu na kidogo, lakini nitalipishwa kilo 8. Nauli hiyo ni ya kubeba hewa.

Ukindu uliosukwa kwa ukili laini hulala bapa bila kuvunjika, mradi usiwe umekauka hadi kuwa kama mbao. Navinyunyizia maji kidogo sana kwenye mikunjo, nasukuma kitako ndani, naingiza mipini, navilaza kimoja juu ya kingine. Baada ya hapo naviacha vikauke tena vikiwa bapa, chini ya kitu kizito, kutwa nzima. Boksi linakuwa la 42 kwa 34 kwa 12. Ukizidisha ni 17,136, ukigawanya ni 3.4, na ikipandishwa ni kilo 3 na nusu. Vikapu ni vilevile, na kilo za kulipia zimeshuka chini ya nusu ya zile za kwanza.

Posta ina mlango mwingine. Kifurushi kidogo cha kimataifa hutozwa kwa uzito wa mizani, ila kina mipaka mitatu: kisizidi kilo 2, upande mrefu usizidi sentimita 60, na ukijumlisha urefu, upana na kimo visizidi sentimita 90. Boksi langu la bapa ni 42 jumlisha 34 jumlisha 12, yaani 88. Vikapu viwili ni kilo 1.3, boksi na karatasi gramu 350, jumla kilo 1.65. Limepita kote. Sentimita mbili tu ndizo zilizobaki, kwa hiyo naomba fundi anikatie boksi badala ya kuokota la dukani. Boksi la dukani lenye kimo cha 15 lingenitoa kwenye kundi hili na kunipeleka kwenye bei ya parseli kubwa.

Kwa vinyago na ngoma hesabu ya 5,000 ni ileile, lakini hakuna cha kulaza bapa, kwa hiyo nafuu hii haipo. Mchongaji wa mpingo aulize mapema pia kuhusu kibali, kwa sababu mpingo umo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES, unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017 na una masharti yake.

Hatua ya pili: geuza nauli iwe bei moja

Nikiwa na boksi lililofungwa naenda kuuliza bei mbili: ya posta yenye namba ya ufuatiliaji, na ya kampuni ya haraka. Naziandika kwenye daftari pamoja na tarehe. Boksi tupu lililofungwa ukubwa halisi linatosha kuulizia, huhitaji kungoja mteja.

Tuseme posta wameniambia Sh 82,000 kwa kilo 1.65 kwenda Ujerumani. Najumlisha boksi, selotepu na nauli yangu ya kwenda na kurudi, Sh 5,000. Jumla Sh 87,000. Tuseme siku hiyo euro moja ni Sh 2,900. Nauli ya kuandika kwenye tangazo ni euro 30.

Kuna wanaoificha nauli ndani ya bei ya bidhaa na kuandika "usafiri bure". Siipendi njia hiyo kwa vitu vyetu. Kikapu cha euro 28 kikiandikwa euro 50, mnunuzi anaona kikapu ghali, na akitaka viwili analipa nauli mara mbili wakati boksi ni moja. Kaunta ya posta ya Bagamoyo inakutoza kwa kifurushi, si kwa kikapu, kwa hiyo mwambie mteja ukweli huo: kimoja kinasafiri kwa euro 22, viwili kwa euro 30. Wengi wakiona hivyo wanaagiza viwili. Na kwenye fomu ya forodha thamani ya bidhaa na nauli huandikwa kila kimoja peke yake, kwa hiyo ukivichanganya kwenye tangazo utapata tabu ya kuvitenganisha baadaye.

Andika fedha ya mnunuzi. Mtu wa Hamburg akiona shilingi inabidi aende kutafuta kiwango, na akienda kutafuta mara nyingi harudi.

Hatua ya tatu: siku zina saa za aina mbili

Swali la "lini" linajibiwa vibaya kwa sababu tunachanganya saa za aina mbili. Ya kwanza ni ya mikono: kusuka, kushona ukili, kukausha, kufunga. Hiyo iko chini yako. Ya pili ni ya njia: kutoka Bagamoyo hadi Dar es Salaam, kungoja ndege, kutua, kupita forodha, kufika mlangoni. Hiyo haiko mikononi mwako. Ukiandika "wiki tatu" bila kusema ni saa ipi, mteja anaanza kuhesabu dakika aliyolipa, na wewe unaanza kuhesabu siku uliyokabidhi mzigo.

Kwa saa ya mikono, kitu kinachonitawala ni ukavu. Kipindi cha masika, kuanzia Machi hadi Mei, ukindu uliochemshwa rangi haukauki kwa siku mbili kama unavyokauka Januari. Kipimo changu ni hiki: natia kikapu kwenye mfuko wa plastiki unaoonesha, nafunga mdomo, naweka juani kwa muda wa saa moja. Nikiona matone ndani ya mfuko, bado kina maji, na kikifungwa kwenye boksi kitaota ukungu njiani kama kile kilichorudi. Natoa, naanika tena, napima tena. Kwa hiyo Januari naandika siku 4 za maandalizi, na Aprili naandika siku 10. Kikapu kikiwa tayari rafuni naandika siku 2.

Kwa saa ya njia, usiandike siku unazotamani. Weka daftari la mizigo yako mwenyewe: tarehe ya kukabidhi, tarehe ya kufika. Tuseme mizigo mitano ya Ujerumani imechukua siku 16, 19, 21, 24 na 33. Muuzaji mwenye haraka ataandika "siku 16". Anayekokotoa wastani ataandika "siku 23". Mimi ningeandika "kwa kawaida wiki 3 hadi 4, mara chache hadi wiki 5". Mteja aliyeambiwa wiki 5 akipokea ya tatu anafurahi. Aliyeambiwa siku 16, siku ya 17 asubuhi anadai fedha zake. Kama bado huna daftari, sema wazi kwamba ni makadirio uliyopewa na msafirishaji, na utaje siku za kazi au siku za kalenda, moja kati ya hizo.

Namba ya ufuatiliaji ya posta ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha TZ. Mpe mteja siku hiyohiyo, na umwambie kitu asichokijua: kati ya kuondoka Tanzania na kusomwa tena kwao, namba inaweza kukaa siku nyingi bila neno jipya. Kimya hicho kinaogopesha watu kuliko kuchelewa kwenyewe. Sentensi moja kwenye tangazo inakuokolea ujumbe kumi wa inboksi.

Hatua ya nne: forodha kwa lugha ya kawaida

Hapa ndipo nilipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mzigo ukiingia nchi ya mteja unaweza kudaiwa vitu vitatu, navyo havifanani. Cha kwanza ni VAT ya nchi yake, ileile anayolipa dukani kwao. Cha pili ni ushuru wa forodha, unaotegemea aina ya bidhaa na ilikotengenezwa. Cha tatu ni ada ya msafirishaji kwa kazi ya kulipa na kutoa mzigo kwa niaba yake. Hiyo ya tatu haiendi serikalini, na ndiyo inayowaudhi wengi kwa sababu hakuna aliyewatajia.

Kwa Ujerumani hesabu inakwenda hivi. VAT ya huko ni asilimia 19, na tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa vifurushi vya bei ndogo, kwa hiyo hata kikapu kimoja kinatozwa. VAT inapigwa juu ya bidhaa pamoja na nauli na ushuru. Ushuru wa forodha ulikuwa hautozwi kwa mizigo isiyozidi euro 150, lakini mwishoni mwa 2025 nchi za Umoja huo zilikubaliana kutoza euro 3 kwa kila aina ya bidhaa kwenye vifurushi hivyo kuanzia 1 Julai 2026. Chukua vikapu euro 56, nauli euro 30, ushuru euro 3: jumla 89. Asilimia 19 yake ni euro 16 na senti 91. Ukiongeza ule ushuru wa 3, mteja anakaribia euro 20, halafu ada ya msafirishaji juu yake.

Euro 20 juu ya 86. Mnunuzi akijua mapema, atapima mwenyewe kama kikapu kinastahili. Akijua mlangoni, utapokea boksi lako baada ya miezi mitatu.

Njia nyingine ni wewe kulipa kila kitu kabla, na mteja apokee bila kudaiwa. Kampuni za haraka zinaifanya huduma hiyo, kwa ada. Nimeijaribu kwa mizigo mikubwa. Kwa vikapu viwili ada inakula faida yote, kwa hiyo natuma kwa mpango wa mteja kulipa kwao, na nasema hivyo waziwazi.

Nchi mbili nyingine zinaulizwa sana. Marekani ilikuwa rahisi kwa sababu vifurushi visivyozidi dola 800 viliingia bila ushuru, lakini msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote kuanzia 29 Agosti 2025. Viwango vya huko vimebadilikabadilika, kwa hiyo sitaji asilimia kwenye tangazo. Naandika "ushuru wa Marekani upo, nitakupa hesabu ya wiki hii kabla hujalipa", na naenda kuuliza dirishani kabla ya kupokea fedha, kwa sababu ushuru huo unadaiwa hata kwenye mizigo ya posta. Uingereza nayo, kwa mzigo usiozidi pauni 135, tangu 2021 inataka VAT ikusanywe na muuzaji wakati wa kuuza na si mlangoni. Muuzaji wa moja kwa moja angehitaji kujisajili VAT ya huko. Wateja wa Uingereza nawauzia kupitia soko la mtandaoni linalokusanya kodi hiyo lenyewe.

Kuna wateja watakaokuomba uandike "zawadi" kwenye fomu, au upunguze thamani iwe euro 10. Usikubali. Msamaha wa zawadi ni wa mtu binafsi kumtumia mtu binafsi bila malipo, na maofisa wa forodha wanaweza kudai risiti ya malipo ya mteja. Ikionekana 86 wakati fomu inasema 10, mzigo unazuiwa kwa jina lako. Na ukipotea, fidia inafuata kile ulichoandika.

Hatua ya tano: andika tangazo

Kila kitu kimeshapatikana, kazi iliyobaki ni kukipanga kama mtu anavyouliza. Hili ndilo tangazo langu la sasa. Ukilitafsiri kwa lugha ya mteja acha sentensi zibaki fupi, maana wengi watalipitisha tena kwenye kitafsiri cha simu, na sentensi ndefu huko hupotea njia.

> Kikapu cha mkono cha ukindu, kimesukwa na kushonwa kwa mkono Bagamoyo, Tanzania. Mdomo sentimita 34, kimo sentimita 26, uzito gramu 650.
>
> Bei: kimoja euro 28. Viwili euro 56.
>
> Kukutumia Ujerumani kwa posta, na namba ya ufuatiliaji: kimoja euro 22. Viwili kwenye boksi moja euro 30. Bei ya boksi imo humo.
>
> Muda: nakabidhi posta ndani ya siku 4 baada ya malipo. Kutoka hapo safari kwa kawaida ni wiki 3 hadi 4, mara chache wiki 5. Namba ya ufuatiliaji inaweza kukaa kimya siku kadhaa mzigo ukiwa njiani. Hiyo ni kawaida.
>
> Kodi ya nchi yako: haimo kwenye bei yangu. Kwa vikapu viwili weka kando takriban euro 20 za VAT na ushuru, pamoja na ada ya msafirishaji. Utadaiwa na msafirishaji kabla ya kukabidhiwa mzigo. Mimi sipokei fedha hiyo.
>
> Kikapu kinasafiri kikiwa bapa ili nauli ipungue. Kikifika, kinyunyizie maji kidogo, kijaze taulo, kiache usiku mmoja kwenye hewa. Asubuhi kimerudi umbo lake.
>
> Bei za usafiri niliziuliza tarehe 6 mwezi huu. Nchi nyingine: niandikie jina la mji na msimbo wa posta, nitakujibu kwa bei kamili.

Angalia aya ya kikapu bapa. Niliiongeza baada ya mteja kunitumia picha akilalamika kwamba kimepondeka. Hakikuwa kimepondeka, kilikuwa kimekunjwa, lakini hakuna aliyemweleza. Ile ya tarehe nayo ina kazi: inamwambia msomaji kwamba bei ni ya karibuni, na inanikumbusha mimi kurudi dirishani mwezi ukiisha. Tangazo lenye nauli ya mwaka jana litakufanya ulipe tofauti kutoka mfukoni, maana ulichoandika ndicho mteja atakachokudai.

"Mimi sipokei fedha hiyo" ni sentensi ninayoitetea. Kule mbali mtu hakuoni uso. Akidaiwa mara ya pili, jambo la kwanza linalomjia ni kwamba umemzunguka. Mwambie nani anadai, lini, na kwa sababu gani.

Picha ya pili ya tangazo langu siku hizi ni ya boksi bapa likiwa juu ya mizani, futi imelazwa pembeni. Si picha nzuri kama ya barazani, lakini wateja huiulizia zaidi.

Hatua ya sita: fomu iseme kile tangazo lilichosema

Fomu ya forodha ya posta huitwa CN22 au CN23, kutegemea thamani na aina ya kifurushi. Inajazwa kwa Kiingereza au Kifaransa, au lugha inayokubalika nchi ya mpokeaji. Makosa yako hapa yanakuwa siku za kuchelewa.

Usiandike "kazi za mikono" wala "sampuli". Mtu wa forodha hajui ni kitu gani, na mzigo usioeleweka hufunguliwa. Andika: vikapu viwili vya mkono, vimesukwa kwa majani makavu ya ukindu, vipya. Weka msimbo wa bidhaa, ambao kwa vikapu vya majani kama hivi ni 4602.19. Nchi ya asili Tanzania. Thamani euro 56, uzito kilo 1.65. Jina la mpokeaji liwe lilelile alilolipia, pamoja na namba ya simu na barua pepe yake, maana taarifa ya kodi itamfikia kwa njia hiyo. Namba ikikosekana mzigo unakaa, naye hajui kwamba anangojwa.

Kabla ya kufunga, kung'uta kikapu kichwa chini juu ya karatasi nyeupe. Mbegu, gome au mdudu mmoja ndani ya ukindu wanatosha kuzuia mzigo nchi zenye ukaguzi mkali wa mimea, Australia ikiongoza. Kwa huko siahidi siku kabisa, na nauliza kwanza masharti kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, kabla ya kupokea oda.

Ndani ya boksi natia nakala ya risiti. Nje napiga picha ya fomu iliyojazwa na ya stakabadhi ya posta, zote namtumia mteja kwa ujumbe mmoja pamoja na namba.

Yule mama wa Hamburg alirudi mwaka uliofuata. Alisoma tangazo jipya, hakuuliza lolote kuhusu kodi, akaomba vitatu. Vitatu ni kilo 1.95 kabla ya boksi, na kwa boksi vinapita kilo 2, kwa hiyo kifurushi kidogo hakikubali tena. Nilimwandikia njia mbili: parseli kubwa yenye nauli ya juu, au vifurushi viwili, kimoja cha vikapu viwili na kingine cha kimoja, euro 30 na euro 22, ila kila kimoja kina fomu yake na huenda akatozwa ada ya msafirishaji mara mbili. Alijibu siku ileile kwamba anachukua viwili, na cha tatu atakiagiza pamoja na cha dada yake mwezi wa kumi.